Fomu ya kazi inauliza kama nimewahi kuhukumiwa

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwaka 2017 nilifungwa miezi sita hapa Mombasa kwa kuiba pesa za mwajiri wangu. Nimetubu, na pesa nimezirudisha. Sasa naomba kazi ya kutunza ghala, na fomu inauliza kama nimewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Ustadhi mmoja kaniambia niandike "Hapana", kwani aliyetubu ni kama asiye na dhambi, na Muislamu hajifichui. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Andika "Ndiyo".

Jibu ulilopewa limenisikitisha, maana limechukua Hadithi na kuziweka pasipo pake. Mtume (s.a.w.) alipowakemea wanaojitangaza alifafanua mwenyewe: ni mtu afanyaye jambo usiku, Mwenyezi Mungu akamsitiri, kukicha akaanza kulisimulia. Wewe hukumu yako ilisomwa mahakamani na alama za vidole vyako ziko kwa polisi. Ukienda kuomba cheti cha tabia njema, zitaangaliwa hizo hizo. Pazia gani unalipasua hapo? Wala husimulii kwa kujisifu, umeulizwa, unajibu.

Na "aliyetubu ni kama asiye na dhambi" ni hesabu yako na Mola wako. Fomu haikuuliza kama una dhambi. Imeuliza kama ulihukumiwa, na toba haifuti kwamba ulihukumiwa.

Wapo watakaokufundisha tauriya: uandike "Hapana" huku moyoni ukikusudia "mwaka huu". Imamu Nawawi ameeleza kuwa tauriya ni haramu ikiwa njia ya kupata batili au kuzuia haki ya mtu. Hapa ipo haki ya mtu: mwenye ghala anakukabidhi funguo, nawe uliwahi kuchukua mali ya aliyekuamini. Mtume alipotia mkono katika lundo la chakula akakuta chini kumelowa, alimuuliza muuzaji kwa nini hakukiweka juu watu wakione.

Lakini usiandike zaidi ya ulichoulizwa. Ambatisha barua fupi: "Mwaka 2017 nilihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuiba pesa za mwajiri. Nilimaliza kifungo na pesa nimezirudisha. Tangu hapo sijapata kosa jingine." Kisha taja kazi ulizofanya baada ya hapo na mtu wa kukushuhudia. Usijitetee, wala usimlaumu mwajiri wa zamani. Makosa ambayo Mola alikusitiri, yaache kwenye sitara yake. Na kama fomu nyingine haiulizi habari hizi, hulazimiki kuzianzisha.

Najua hofu yako, watoto wanataka kula. Lakini sisi Mashafii, aliyepoteza uadilifu akatubu, ushahidi wake hurudi kukubaliwa baada ya kuangaliwa mwenendo wake, na wengi wameukadiria muda huo kuwa mwaka mmoja. Wewe miaka yako imezidi huo, na barua ndiyo mahali pa kuionyesha. Ukiitwa kwenye usaili, nenda na nakala yake, na risiti ya pesa ulizorudisha kama unayo.