Unatoka Mbeya unaenda Zanzibar? Usishuke Feri

Watu wangu wa huku Nyanda za Juu, kila likizo napigiwa simu na mtu aliyepotea Dar akitafuta boti ya Zanzibar, na wengi wanapotelea palepale, kwa hiyo wacha niandike mara moja.

Ishu iko hivi. Ukifika Dar ukamuuliza mtu "feri iko wapi" hatakupeleka kwenye boti ya Zanzibar, atakupeleka Feri, yaani Magogoni kule kwenye soko la samaki, ambako kuna pantoni ya kuvuka kwenda Kigamboni. Na hajakudanganya, wenyeji pale ndo wanapaita Feri. Boti za Zanzibar zinaondokea gati lingine, liko hukuhuku barabara ya Sokoine, karibu kabisa na lile kanisa kubwa la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu. We uliza "boti za Zanzibar" au "kwa Azam", hapo hakuna atakayekuchanganya.

Mama yangu mdogo wa Tukuyu alikuwa anaenda Unguja kumwona mwanae aliyejifungua, ana begi na kiroba cha mchele wa Kyela. Akanipigia yuko kwenye foleni, namuuliza mama tiketi umekata bei gani, ananiambia "mia mbili tu mwanangu, kumbe rahisi hivi!" Nikajua tayari huyu anakwenda Kigamboni. Boti ya Zanzibar ni maelfu kwa maelfu na hawakukatii bila kitambulisho, kwa hiyo ukiona umelipa mia mbili na hakuna aliyekuuliza jina, halafu mbele yako kuna bajaji na malori yanaingia, toka kwenye hiyo foleni.

Alifikaje pale? Mwendokasi. Mabasi yetu yanaishia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, sasa ukitoka pale unasogea mpaka Kimara unapanda mwendokasi iliyoandikwa Kivukoni (sio ya Gerezani wala ya Morocco, hizo zitakupeleka kwingine). Mpaka hapo mama alikuwa sawa. Kosa ni kwamba alikaa mpaka mwisho wa gari. Kivukoni ndo mwisho na ndo hukohuko kwenye pantoni. Wewe wa Zanzibar unashuka kituo kimoja kabla, Posta ya Zamani, kutoka hapo ni kutembea tu. Mama bahati yake ni kwamba hakuwa mbali, nikamwambia ageuke arudi na barabara bahari ikiwa mkono wa kushoto mpaka alione kanisa, na boti akaiwahi.

Na aliiwahi kwa sababu tulikata ya mchana. Za Azam kwa kawaida zinatoka saa moja asubuhi, saa tatu na nusu, saa sita na nusu, na ya mwisho mida ya saa kumi kasoro alasiri. Mtu anaondoka Nane Nane jioni anahesabu atafika Mbezi alfajiri aunganishe na ya saa moja, jamani hapana, ni zaidi ya kilomita 800 halafu kuna Kitonga na malori, na ukishafika Mbezi bado kuna foleni ya kuingia mjini. Kama basi linaingia saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, kata ya saa sita na nusu, unywe chai taratibu. Ukiondoka Mbeya asubuhi ndo hamna namna, utafika hakuna boti, tafuta pa kulala. Halafu kwenye tiketi saa zinaandikwa kizungu, 12:30 ni saa sita na nusu mchana, sio jioni!

Tiketi kata dirishani kwenye ofisi ya boti yenyewe. Nje pale kuna vijana watakudaka begi kabla hujasema neno, wanasema boti imejaa twende huku, we shika mzigo wako pita. Fika angalau saa nzima kabla maana mizigo inapita kwenye mashine.

Ukishaingia ndani usifuate tu kundi la watu. Boti zaweza kuwa mbili zimefunga, za kampuni tofauti, na kuna zinazoendelea mpaka Pemba. Soma jina kwenye tiketi, soma jina ubavuni mwa boti, na yule anayechana tiketi mlangoni muulize "hii inashusha Unguja?" Safari ni kama masaa mawili, ikipita masaa matatu na hamjafika jua umepanda ile ya mizigo na magari, ambayo nayo inafika ila polepole.

Kurudi ni rahisi zaidi, Unguja gati ni moja, pale Malindi, Mji Mkongwe. Cha kuangalia ni asubuhi tu, boti za Pemba na za Dar zinatokea hapohapo, kwa hiyo lile swali la mlangoni uliza tena, safari hii "inaenda Dar?"