Kufua na Kuanika Sodo za Kitambaa: Barua kwa Mwanangu

"Shikamoo Mama. Nimeombwa kuwasomesha wasichana wa shule kuhusu hedhi, na wengi wao hutumia sodo za kitambaa. Nianzie wapi, na niseme vipi nisiwatie haya?"

Marahaba, mwanangu. Anza na mahali pa kuanika, kwa kuwa hilo hawataliuliza kwa sauti. Wengi hufua vizuri, kisha huificha sodo chini ya godoro. Na kwa unyevu wa Mombasa, hasa wakati wa masika, kitambaa hukauka juu huku ndani kikibaki na majimaji, kikaota ukungu na kuleta harufu na muwasho.

Waambie hivi: "Sodo iliyofuliwa ni nguo safi, nayo huanikwa juani." Anayeishi nyumba ya wapangaji wengi, yenye ua mmoja, aitundike kwenye kamba ya nyuma na mbele yake aanike shuka, bora jua na upepo viifikie. Kabla ya kuianua, aibinye katikati, penye matabaka mengi. Pakiwa baridi kidoleni, haijakauka. Mvua ikishinda siku nzima, sodo ya pamba tupu inaweza kumalizwa kwa pasi, lakini yenye tabaka la plastiki isipigwe pasi, kwani tabaka hilo huyeyuka na sodo huanza kuvuja.

Kufua kwenyewe si kazi kubwa. Ailoweke kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu na doa huwa gumu kutoka. Baada ya kama nusu saa ayamwage, afue kwa sabuni na asuuze mpaka maji yawe meupe. Maji ya visima vyetu vya chumvi yana tabu yake: sabuni haitoi povu vizuri, masalio hubaki kitambaani, na sodo hukauka ngumu ikamkwaruza mapajani. Akiweza, maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mtungi. Kidogo tu yatatosha.

Shuleni abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo, na anawe mikono kabla na baada. Ile iliyotumika aikunje upande wenye damu ukiwa ndani, aitie katika kikopo chenye kifuniko, na aifue mara afikapo nyumbani.

Mwisho, wajue dalili. Sehemu za nje huoshwa kwa maji safi, ndani hapatiwi sabuni kamwe. Muwasho usioisha, harufu kama ya samaki, au uchafu mzito kama maziwa yaliyoganda, vyote ni vya kupelekwa kituo cha afya, wala havimaanishi kwamba msichana ni mchafu. Sodo ikilowa yote ndani ya saa 1, na ikawa hivyo kwa saa kadhaa mfululizo, aende siku hiyo hiyo pamoja na mtu mzima anayemwamini.

Mama yako