Supu ya fo imetoka na ukungu

"Nafuata mapishi ya fo, ile supu ya tambi ya Vietnam, ya mama wa Hanoi, aliyoyaandika Kivietinamu kwa wenzake walio ughaibuni. Mifupa ya ng'ombe nimechemsha kwa saa 6, supu imekuwa kama maji ya mchele. Nimekosea wapi?"

Dada, mifupa ichemshe kwanza dakika 10, mwaga maji yote, kisha osha kila mfupa kwa vidole hadi damu iliyoganda itoke. Anza upya na maji baridi, moto mdogo, viputo vipande juu kimoja kimoja. Ikitokota kwa nguvu, mafuta huvurugika ndani ya maji. Ndiyo huo ukungu. Kitunguu na tangawizi vichome hadi viwe vyeusi nje. Umekosa iliki nyeusi? Iache. Mdalasini na anisi ya nyota vinatosha, vitie saa ya mwisho. Iliki yetu ya kijani usithubutu, itanukia chai.