Insha ya mnada wa samaki, darasa la sita

"Walimu, nipo Bagamoyo. Wanafunzi wangu wakisomeana insha wanaambiana 'nzuri' tu, au wanasahihishana herufi. Nifanyeje?"

Mwalimu mwenzangu, mpe msikilizaji kazi ya masikio. Siku ya kwanza bungueni bongo dakika kumi kuhusu mnada wa samaki ufukweni. Ukiandika ubaoni "samaki, mashua, watu" umeshaiua insha, kwa hiyo uliza walisikia nini, walinusa nini. Kesho yake waandike rasimu wakiruka mstari mmoja mmoja, wapate pa kuongezea majibu baadaye. Kalamu yako nyekundu ibaki mfukoni.

Halafu wakae wawili wawili. Mwandishi asome kwa sauti, daftari lisitoke mkononi mwake: asiyeona maandishi hawezi kuwinda herufi. Mwenzake ataje alichokiona kichwani, kisha aulize swali moja. Wangu mmoja aliandika, "Dalali aliuza samaki." Akaulizwa, "Alisemaje?" Ikawa: "Dalali aliinua changu kwa mkia, akapaza sauti, 'Elfu nane! Nani anaongeza?'"

Ukikuta mistari iliyorukwa bado mitupu, ujue hawakuulizana. Wanaosoma kwa kusitasita wapangie wenza wewe mwenyewe. Ukiwaachia wachaguane, watachekwa na kesho hawaandiki.