Variansi ya leba ikibalansi haimaanishi iko sawa

*Mwalimu, nasomea CPA hapa Kisumu. Swali linasema bajeti ni katoni 1,000 za yogati, kila katoni nusu saa, sh 200 kwa saa. Wakatoa katoni 1,100, saa 530, mishahara sh 111,300. Nimepata reti 5,300 mbaya na ufanisi 6,000 mbaya, jumla 11,300, inabalansi kabisa na bajeti ya 100,000. Mbona majibu yanasema ufanisi ni mzuri?*

Reti iko sawa, 530 × (200 − 210), achana nayo. Shida ni ufanisi, na hiyo kubalansi ndiyo imekudanganya. Umetoa 530 kwa saa 500 za bajeti, lakini hizo 500 zilikuwa za katoni 1,000 na hawa watu wametengeneza 1,100, sasa zile 100 za juu ulitaka zijitengeneze zenyewe? Katoni 1,100 zinataka saa 550. Wametumia 530, wameokoa saa 20, mara 200 ni sh 4,000 nzuri. Weka na ile 5,300, unabaki na 1,300 mbaya, na hiyo ndiyo tofauti kati ya 111,300 na 110,000 ambayo ni gharama standadi ya kazi iliyofanyika. Yako ilibalansi juu ulianzia kwa bajeti ya zamani na ukaipima na bajeti hiyo hiyo.

Ugonjwa huu huu nauona kila muhula kwa miksi ya mauzo. Tuseme bajeti ni mala 600 zenye kontribusheni ya sh 50, na yogati 400 za sh 80. Ukauza 770 na 330. Mtu anatoa moja kwa moja, anapata 2,900 nzuri, anaiita miksi. Hiyo si miksi! Chukua jumla uliyouza kweli, 1,100, igawe kwa uwiano wa bajeti: 660 na 440. Mala zimezidi 110, yogati zimepungua 110, kwa hivyo 5,500 nzuri na 8,800 mbaya, miksi ni 3,300 mbaya. Ile 2,900 imeficha kwamba wateja wanahamia bidhaa yenye kontribusheni ndogo. Na yildi hivyo hivyo, unaanza na lita zilizoingia kweli, unauliza zilipaswa kutoa katoni ngapi, ndio ulinganishe na zilizotoka.

Kinachoniudhi ni hawa wanaouza noti za kurasa mbili kwa Watsapu, wanakuandikia (SH − AH) × SR ukariri na hawasemi SH ni saa za katoni gani. Mtihani utakunyima maksi tu, lakini ukienda kiwandani na hiyo hesabu supavaiza ataandikiwa barua ya uzembe mwezi ule watu wake wamefanya kazi haraka kuliko standadi, na bosi akiona inabalansi hatauliza mara ya pili. Mtu akikuuzia fomula, kabla hujatuma pesa muulize hiyo SH ni ya katoni zilizopangwa ama zilizotoka, akianza kuzunguka usinunue.