Moldi niliyokipa kiwanda: inatozwa ushuru?

"Nilinunua moldi ya chupa Guangzhou kwa dola 6,000, nikakipa kiwanda bure. Ankara ina bei ya chupa tu. Forodha Dar wataidai? Na kamisheni ya wakala wangu wa kule?"

Ndugu, moldi inaingia. Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki, 2004, linaongeza kwenye thamani ya mzigo vifaa ulivyokipa kiwanda bure. Kama mkataba wako ni wa chupa 60,000, kila chupa inabeba senti 10. Kontena la chupa 20,000 linaongezewa dola 2,000. Bila mkataba wa maandishi, jiandae yote 6,000 kuangukia mzigo wa kwanza.

Kamisheni ya wakala anayekununulia wewe haiongezwi. Ila uthibitishe: mimi sikuwa na mkataba wa uwakala, ikaongezwa. Akilipwa na kiwanda pia, utetezi huo unadhoofika sana.

Mrabaha wa nembo huongezwa pale tu unapohusu chupa hizo na kuulipa ni sharti la kuuziwa.

Mwambie wakala wako wa forodha kabla hajawasilisha tamko. Wakaguzi huja hata baada ya mzigo kutoka, na malipo ya moldi yanaonekana benki.