Usiangalie bei ya kimoja

"Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga. Kila mwezi nihesabu vya bei kubwa tu?"

Hapana ndugu yangu, bei ya kimoja itakupotosha. Zidisha idadi inayotoka kwa mwaka kwa bei ya kununulia. Saruji mifuko 3,000 kwa shilingi 15,000 ni milioni 45. Pampu ya 600,000, ukiuza mbili, ni milioni 1.2 tu.

Panga kuanzia thamani kubwa, ujumlishe ukishuka. Vinavyofikisha kama asilimia 80 ya jumla yote ni kundi A, hesabu kila mwezi. Hadi 95 ni B, kila miezi mitatu. Vilivyobaki ni C, mara moja kwa mwaka. Ila koki za shaba, hata zikiangukia C, mimi huzihesabu kila mwezi: zinaenea mfukoni.